Diski Isiyo na Jina

Diski ya muziki ya kawaida haibebi majina ya nyimbo zake. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, kwa kuwa wamezoea kuiingiza diski kwenye kompyuta na kuona jina la mwimbaji, la albamu na la kila wimbo yakijipanga yenyewe. Majina hayo huletwa na mtandao. Kiwango kilichowekwa na Philips na Sony mwaka 1980 kilitenga mwanzoni mwa diski nafasi ya orodha fupi ya namba: nyimbo ni ngapi, kila mmoja unaanzia dakika na sekunde ya ngapi, na muziki wote unaishia wapi. Nafasi ya kuandika majina iliongezwa mwaka 1996, lakini kampuni chache tu ndizo zilizoitumia.

Ndiyo maana diski iliyopoteza kava lake huonekana bubu. Katika nyumba za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam diski za namna hiyo ziko tele, hasa za taarabu: moja ilichomwa na jirani, nyingine ilitolewa kwenye kaseti na fundi wa mtaani, na maandishi ya kalamu juu yake yamefutika kwa vidole na jasho. Anayetaka kuijua ana mambo matatu ya kuyatazama, nayo ni alama zilizo kwenye uso wa diski, msimbo pau kama boksi bado lipo, na urefu wa kila wimbo. Kwa maoni yangu urefu wa nyimbo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko yote, na ndio watu wanaousahau. Hayo mengine mawili humpotosha asiyejua yanashuhudia kitu gani.

Anza kwa kuigeuza diski na kutazama upande unaosomwa. Ukiwa wa fedha safi kama kioo, hiyo imegongwa kiwandani. Ukiwa na rangi ya kijani, ya samawati au ya dhahabu iliyofifia, hiyo imechomwa, na rangi unayoiona ni ya dawa iliyopakwa ndani ili mwali wa leza uiunguze. Kwenye diski iliyochomwa utaona pia duara ambapo kivuli kinabadilika kidogo. Kurekodi huanzia karibu na tundu la katikati na kwenda nje, hivyo mwisho wa duara hilo ndio mwisho wa muziki, na kwa jicho tu unajua kama diski ilijazwa au iliachwa katikati. Usiisugue upande wa juu, wala usibandue stika iliyogandishwa hapo. Tabaka lenye muziki liko chini kidogo tu ya rangi ya juu, na stika ikitoka hutoka nalo.

Kama ni ya kiwandani, iinamishe chini ya taa na usome utepe mwembamba unaong'aa kuzunguka tundu. Kamera ya simu ikikuzwa inatosha. Hapo kuna namba ya kiwanda, na mara nyingi ndani yake imo namba ya katalogi ya kampuni iliyotoa muziki, ileile inayochapwa kwenye mgongo wa kava. Hiyo ndiyo ya kunakili na kuitafuta. Karibu nayo unaweza kukuta herufi IFPI, zilizoanza kutumika mwaka 1994. Zikifuatwa na L na tarakimu, zinataja nyumba iliyotengeneza nakala mama. Zikiwa kwenye plastiki angavu karibu zaidi na tundu, zikifuatwa na alama nne, zinataja kalibu ya kiwanda. Zote mbili zinakwambia diski ilizaliwa wapi, ila hazikwambii neno juu ya mwimbaji. Wakati mwingine kwenye utepe huo pana msimbo pau mdogo sana. Huo nao ni wa kiwanda kwa matumizi yake, na ukiutafuta kwenye orodha za bidhaa za madukani utapoteza muda wako.

Kwenye diski iliyochomwa maana ya alama hizo hugeuka kabisa. Namba zilizo karibu na tundu, na majina kama Verbatim, Maxell au Imation yaliyochapwa juu, ni ya diski tupu kabla haijachomwa. Nimewaona watu wakiyatafuta kana kwamba ni ya albamu. Faida yake ni moja, ya kujua diski zipi zimetoka fungu moja. Diski tupu ina maelezo yaliyochorwa ndani yake na mtengenezaji, na kifaa chenye uwezo wa kuchoma huyasoma kwa amri hii kwenye kompyuta ya Linux:

```
wodim -atip dev=/dev/sr0
```

Diski mbili zisizo na jina zikitoa jibu moja la mtengenezaji na zikiwa zimekutwa pamoja, huenda aliyezichoma ni mtu mmoja, basi ukiitambua ya kwanza una mahali pa kuanzia kwa ya pili.

Sasa boksi. Chukua msimbo pau 3341348601182, wa diski ya kwanza katika mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Paris kuanzia mwaka 2005. Muziki wake ni wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905. Namba inaanza na 3 kwa sababu kampuni iliichukua Ufaransa. Kampuni iliyojisajili Kenya hupewa namba inayoanza na 616, na ya Tanzania 620. Tarakimu za mwanzo basi humtaja mwenye kampuni, wala si nchi ya muziki, na hapa taarabu ya Unguja imevaa namba ya Kifaransa. Ukitazama katikati utaiona 860118, ambayo ndiyo namba ya katalogi. Kampuni nyingi huificha hivyo, kwa hiyo msimbo pau mmoja hukupa namba mbili za kutafutia.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, nayo ina kazi nzuri pale boksi lilipochubuka. Ukihesabu kutoka kushoto, jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 3, 4, 3, 8, 0 na 1 ni 19. Kisha zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 3, 1, 4, 6, 1 na 8 ni 23, zidisha kwa 3 upate 69. Jumla ni 88. Kuifikisha kwenye kumi inayofuata, yaani 90, pamepungua 2, na 2 ndiyo tarakimu ya mwisho. Kama tarakimu moja imefutika kabisa, jaribu 0 hadi 9 mahali pake, na ni moja tu itakayofanya hesabu ikubali. Msimbo wa Kimarekani una tarakimu 12, na baadhi ya orodha hutaka uuongezee sifuri mbele ili ziwe 13.

Hata hivyo msimbo pau ni wa boksi. Maboksi hubadilishana diski nyumbani na sokoni, na kava la fotokopi juu ya diski iliyochomwa hushuhudia kwamba kava hilo liliwahi kuwepo mahali fulani, basi. Stempu ya kodi iliyobandikwa kwenye kazi za muziki na filamu za Tanzania kuanzia mwaka 2013 inasaidia kukisia wakati boksi liliuzwa, lakini haikuambii kilichomo ndani. Kabla ya kuamini boksi, linganisha namba yake ya katalogi na ile ya kwenye utepe wa diski. Kama diski imechomwa na haina utepe wa namna hiyo, nenda kwenye urefu wa nyimbo.

Urefu huo unaweza kuupata bila utaalamu wowote. Redio ya zamani yenye kioo cha namba huonyesha muda, na kwenye Windows programu ya Exact Audio Copy hutoa orodha kamili. Kwenye Linux kuna amri fupi:

```
cd-discid /dev/sr0
```

Tuchukue mfano. Hizi namba nimezipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, lakini mwenendo wake ndio unaokutwa kwenye diski halisi. Tuseme umekuta diski iliyochomwa yenye nyimbo tano ndefu za taarabu. Muda wake ni 8:44, 11:07, 9:32, 12:20 na 7:56, na amri ile imejibu hivi:

```
3c0ba305 5 150 39450 89475 132375 187875 2981
```

Namba ya pili, 5, ni idadi ya nyimbo. Zinazofuata ni mahali pa kuanzia kila wimbo, zikihesabiwa kwa fremu, na kila sekunde ina fremu 75. Wimbo wa kwanza huanzia fremu ya 150, yaani sekunde ya pili, kwa kuwa kila diski hutanguliwa na sekunde mbili za kimya. Gawa 39450 kwa 75 upate 526, ambayo ni sekunde ya kuanzia wimbo wa pili. Ya mwisho, 2981, ni sekunde ambapo diski inaishia.

Neno la kwanza, 3c0ba305, ni utambulisho uliobuniwa kwa ajili ya CDDB, ghala la majina ya diski lililoanzishwa na Ti Kan na Steve Scherf katika miaka ya 1990. Ukijua kulisoma, linakueleza mengi. Limeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambapo baada ya 9 huja a hadi f. Tarakimu mbili za mwisho, 05, ni idadi ya nyimbo. Nne za katikati, 0ba3, ni urefu wote kwa sekunde, yaani 2979, au dakika 49 na sekunde 39. Mbili za mwanzo ni jumla ya tarakimu za sekunde za kuanzia kila wimbo, ambazo hapa ni 2, 526, 1193, 1765 na 2505. Tarakimu zao zikijumlishwa ni 60, na 60 kwa hesabu hiyo huandikwa 3c.

Umelitafuta neno hilo na hukupata kitu. Wengi huachia hapo. Lakini tuseme ulipopekua albamu za taarabu zenye nyimbo tano ukakuta moja ambayo muda wake umeandikwa 8:42, 11:05, 9:30, 12:18 na 7:56. Ziweke sambamba na zako. Wimbo wa kwanza umezidi sekunde 2, wa pili 2, wa tatu 2, wa nne 2, na wa tano haukuzidi kitu. Diski hiyo ya asili ina sekunde 2971 kwa jumla na utambulisho wake ni 4c0b9b05. Kwa kompyuta inayotafuta utambulisho unaofanana sawasawa hizo ni diski mbili zisizojuana, ila mtu akizitazama anaona ni muziki uleule.

Sekunde mbili hizo zina sababu. Programu nyingi za kuchoma, zikiachwa bila kurekebishwa, huandika wimbo mmoja kisha huzima leza na kuanza mwingine, na kati yake huacha sekunde mbili za kimya. Kimya hicho huhesabiwa kwenye wimbo uliotangulia. Wimbo wa mwisho haufuatwi na mwingine, kwa hiyo hauongezeki. Ukiona kila wimbo umezidi kiasi kilekile isipokuwa wa mwisho, umeona jinsi diski ilivyochomwa, na una haki ya kuondoa sekunde hizo kabla ya kulinganisha.

Je, isiwe bahati tu? Tuseme urefu wa kila wimbo ungeweza kuangukia sekunde yoyote ndani ya dakika tano, na wewe unakubali tofauti ya sekunde mbili huku na huku. Wimbo mmoja utafanana kwa bahati mara moja katika 60. Nyimbo mbili kwa mfuatano, mara moja katika 3600, na katika ghala lenye mamia ya maelfu ya diski jambo hilo litatokea tena na tena. Nyimbo tano kwa mfuatano ni mara moja katika zaidi ya milioni 700. Kwa hiyo diski ya nyimbo mbili usiitambue kwa muda peke yake, lakini ya nyimbo tano au zaidi, mpangilio wote ukikubali, iamini, kisha sikiliza wimbo mmoja kuthibitisha.

Tofauti zikiwa za namna nyingine zinaeleza historia nyingine. Kila wimbo ukizidi fremu mbili tatu tu, yaani sehemu ndogo sana ya sekunde, diski huenda ilichomwa kutoka kwenye faili za emupithrii, kwa sababu ubanaji huo huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Lakini tofauti ikikua kadiri wimbo unavyokuwa mrefu, shuku kaseti. Chukua albamu ileile, iliyopigwa kwenye kinasa kinachokimbia kwa asilimia 3 kupita kiasi. Wimbo wa 8:42 utatoka 8:27, ule wa 11:05 utatoka 10:46, na wa 12:18 utatoka 11:57. Pungufu ni sekunde 15, 19 na 21. Hakuna sekunde za kuondoa kwa usawa hapa. Gawa kila urefu wa asili kwa wako, na jibu likitoka karibu namba moja kwa nyimbo zote, ni albamu ileile iliyoharakishwa. Sikio nalo litakubali, kwa kuwa sauti itakuwa imepanda kidogo. Kaseti zilikuwa njia kuu ya taarabu kwa miaka mingi kabla ya diski, hivyo kwetu kipimo hiki kina kazi zaidi ya vingine vyote.

Fundi aliyehamisha kaseti mara nyingine hakukata nyimbo kabisa. Diski yenye vipande viwili vya karibu dakika 30 kila kimoja ni kaseti ya dakika 60, upande wa kwanza na wa pili. Kipande kimoja cha karibu dakika 45 ni upande mmoja wa kaseti ya dakika 90, ambayo yote haitoshi kwenye diski ya dakika 80, basi tafuta diski mwenzake. Orodha ya mwanzo ya diski haikusaidii hapo. Itakubidi usikilize ukiwa na kalamu, uandike pale kila wimbo unapokoma, na utumie muda uliouandika mwenyewe, ukikubali makosa ya sekunde kadhaa.

Kuna diski ambazo njia hii haiwezi kuzifikia. Aliyejichagulia nyimbo kumi kutoka albamu kumi ametengeneza mpangilio usiopatikana kwenye katalogi yoyote, na hapo kila wimbo unatafutwa peke yake. Diski ya mtaani yenye nyimbo mia haina orodha ya muda kabisa, kwa sababu kwa kompyuta hiyo ni diski ya faili. Hapo fungua faili zenyewe, utazame majina na tarehe zake. Hata muda uliochapwa kwenye kava usiuchukue kama hati ya kiapo, maana kampuni nyingi zilizungusha sekunde au zilikosea kuandika.

Pa kutafutia kwanza ni MusicBrainz, ghala huria lililoanzishwa na Robert Kaye mwaka 2000. Utambulisho wake una alama 28 na unatokana na fremu kamili, hivyo fremu moja ikihama wote hubadilika. Faida yake kwetu ni kwamba diski isipopatikana, ghala hilo huorodhesha albamu zenye muda unaokaribiana. Discogs, iliyoanzishwa mwaka uleule, ni bora kwa msimbo pau, namba ya katalogi na namba za utepe. Freedb, iliyorithi kazi ya CDDB, ilifungwa mwaka 2020, na kumbukumbu zake zinapatikana kupitia gnudb.

Diski yako isipopatikana popote, andika muda wa kila wimbo kwenye karatasi na uihifadhi pamoja nayo. Mchukue mzee anayeijua taarabu asikilize, muulize mwimbaji ni nani na kikundi ni kipi, halafu uingize albamu hiyo MusicBrainz ukiambatanisha orodha yake ya muda. Kuingiza ni bure, na mwingine mwenye nakala kama yako, akiwa Tanga, Maskati au London, ataiweka diski yake kwenye kompyuta na majina yatamjia. Jina lenyewe liandike kwa kalamu ya wino wa maji iliyotengenezwa kwa diski, kwenye plastiki angavu inayozunguka tundu, mahali pasipo na muziki chini yake.